Meli imetia nanga, shilingi tunazo, dola hatuna: kwa nini muuzaji wa mafuta hataki pesa yetu?

Kokotoo (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu wote.

Kuna jambo linanisumbua na nimeshindwa kulimaliza mwenyewe. Nchi isiyo na visima inanunua dizeli. Muuzaji yuko Ghuba ya Uarabuni, mnunuzi yuko Afrika au Asia, meli imesajiliwa Liberia au Panama. Mmarekani hayumo popote katika biashara hiyo, lakini pesa yake ndiyo inayotakiwa mezani. Kwa nini?

Nimesoma pia kwamba Saudi Arabia iliwekeana mkataba na Marekani mwaka 1974 wa kuuza mafuta kwa dola tu, miaka 50, na kwamba mkataba ulikwisha Juni 2024. Kama ulikwisha, mbona bado tunahangaika na dola zilezile?

Wenye ujuzi mnisaidie. Wenye matusi pitieni mbali.

Mpiga Ramli

Mkuu umejijibu mwenyewe. Siri yote iko kwenye huo mkataba wa 1974. Marekani ilisema: sisi tutawalinda, nyinyi uzeni kwa dola. Dunia nzima ikalazimika kutafuta dola ili iwashe taa. Dhahabu iliyokuwa nyuma ya dola iliondolewa na Rais Nixon Agosti 1971, mafuta yakachukua nafasi yake. Mkataba umekufa, sasa ni suala la muda tu, dola inakwenda kaburini. Iraki ilijaribu euro mwaka 2000 na sote tunajua yaliyoikuta.

Kichwa Maji

Kila uzi wa dola lazima Iraki itajwe kabla ya posti ya tatu. Leo tumevunja rekodi, imekuwa ya pili.

Fundi Shehena

Kokotoo, swali lako ni zuri, ila ngoja nianze kwa kumsahihisha Mpiga Ramli. Nusu ya aliyosema ni kweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayopotosha watu.

Juni 1974 Marekani na Saudi Arabia zilianzisha tume ya pamoja ya ushirikiano wa kiuchumi. Pembeni kukawa na makubaliano ya kimyakimya kwamba Saudia itaweka mapato yake ya mafuta kwenye hati fungani za Hazina ya Marekani, yaani kuikopesha serikali ya huko. Kiasi walichoshikilia kilifichwa mpaka 2016. Hayo ni kweli. Ila mkataba wa miaka 50 unaolazimisha kuuza kwa dola tu, wenye tarehe ya kwisha, haukuwahi kuwepo. Habari ya Juni 2024 ilizunguka mitandaoni na watu wakaiamini kwa sababu inaeleweka haraka. Mafuta yalikuwa na bei ya dola hata kabla ya 1974, kwa kuwa kampuni kubwa zilizochimba huko nyingi zilikuwa za Kimarekani na biashara ya dunia baada ya vita ilishajengwa juu ya dola.

Sasa soma tena hayo makubaliano ya kweli. Hayasemi "uza kwa dola". Yanasema "ukishapata dola, ziweke hapa". Uzito wote uko hapo. Kwa muuzaji mkubwa wa mafuta, kulipwa ni jambo dogo. Kinachomsumbua ni hela hiyo ataiweka wapi usiku huu, na kesho akiihitaji bilioni mbili ataipata bila kuporomosha soko?

Soko la hati fungani za Marekani lina zaidi ya dola trilioni 25. Unaingia asubuhi na bilioni, unatoka jioni, hakuna anayegeuka kukutazama. Jaribu hivyo na hati fungani za nchi yoyote kati ya zetu.

Kokotoo

Hapo nimeanza kuona mwanga. Lakini muuzaji si anaweza kupokea pesa yetu kisha akanunua bidhaa zetu? Kubadilishana tu, kama zamani.

Fundi Shehena

Anaweza. Urusi imejaribu na India, na hao ni mataifa makubwa.

Baada ya vikwazo vya 2022, India ilinunua mafuta mengi sana ya Urusi, na sehemu ikalipwa kwa rupia. Benki Kuu ya India ilishaweka utaratibu wa akaunti maalumu za rupia Julai 2022. Mei 2023 waziri wa mambo ya nje wa Urusi, Lavrov, akiwa huko huko India, akasema wana mabilioni ya rupia kwenye benki za India na inabidi wapate namna ya kuzitumia, kwa maana ya kuzibadilisha kuwa fedha nyingine. Urusi iliuza mafuta mengi, India ikauza Urusi vitu vichache. Tofauti ikabaki imelala kwenye akaunti kama mahindi ya mkulima aliyekosa gari la kuyatoa shambani.

Na hiyo ni India yenye viwanda vya dawa, chuma na mashine. Pesa ya nchi ndogo ingelala usingizi wa pono.

Mpiga Ramli

Lakini kuna yuani. China inauza kila kitu. Tangu Machi 2018 wana soko lao la mafuta ghafi Shanghai, bei kwa yuani. Muuzaji akipokea yuani hawezi kukosa cha kununua.

Dada Mizani

Mpiga Ramli, hapo una hoja, na usiidharau, Fundi. Anayetaka mashine ana cha kufanya na yuani. Shida ni yule anayetaka kuweka akiba. Yuani haitoki na kuingia China kwa hiari ya mwenye nayo. Ndiyo maana katika akiba za benki kuu za dunia yuani ina takribani asilimia 2 tu, wakati dola ilikuwa na kama 58 mwaka 2024. Na tukubali kwamba hiyo 58 ilikuwa 71 mwaka 1999, kwa hiyo dola inapungua kweli, taratibu. Haijaanguka na haijasimama palepale.

Nitoe mfano mmoja wa akiba ya yuani, kwa sababu ndio ulionifundisha zaidi kuliko darasa lolote. Sri Lanka, 2022. Kwenye vitabu benki kuu yao ilionyesha akiba ya zaidi ya dola bilioni moja na nusu. Ukisoma kichwa cha habari unasema si haba. Ila karibu yote ilikuwa ni mkopo wa kubadilishana fedha na Benki Kuu ya China, kwa yuani, na ulikuwa na sharti: huwezi kuugusa mpaka uwe na akiba ya kutosha kuagiza bidhaa za miezi mitatu. Yaani mwavuli unaofunguka jua likiwaka. Akiba waliyoweza kuitumia kweli ilishuka mpaka chini ya dola milioni 50. Nchi ya watu milioni 22.

Aprili 12 walisimamisha kulipa madeni ya nje. Mei 16 waziri mkuu Ranil Wickremesinghe akawaambia wananchi kwamba petroli iliyobaki ni ya siku moja. Na wakati huohuo meli ya petroli ilikuwa imetia nanga mbele ya Kolombo tangu mwisho wa Machi, mafuta yamejaa, watu wanaiona, hakuna dola za kuilipa. Karibu miezi miwili.

Tangu siku ile, nikisikia nchi ina akiba ya kiasi fulani huwa nauliza kwanza: inayoweza kutumika ni ngapi?

Tumaini la Kesho

Asanteni kwa elimu. Kwa hiyo ushauri wenu ni kwamba ninunue dola sasa hivi niziweke? Nina akiba kidogo. Je, noti za zamani zenye kichwa kidogo bado zinakubalika?

Kichwa Maji

Tumaini, uzi unazungumzia meli, wewe unazungumzia godoro.

Mzee wa Malori

Mwacheni kijana aulize. Mimi swali langu linafanana na lake kidogo. Nina malori matano, dizeli ndiyo inayokula zaidi ya nusu ya kila safari. Redioni nasikia mafuta yameshuka katika soko la dunia. Nikifika pampu, bei imepanda. Nikiuliza naambiwa "ni dola". Nimeambiwa hivyo mpaka nimechoka. Nani ananidanganya, redio au mwenye pampu?

Fundi Shehena

Mzee wangu, shikamoo. Inawezekana hakuna anayekudanganya. Nichukue Kenya kwa sababu takwimu zake ziko wazi.

Mwaka 2022 pipa la Brenti, mafuta ghafi yanayotumika kupimia bei ya dunia, lilikuwa kwa wastani kama dola 100, na dola moja kwa wastani shilingi 118 za Kenya. Pipa ni shilingi 11,800. Mwisho wa 2023 Brenti ilishuka mpaka kama dola 78. Redio ikatangaza, na ilikuwa sahihi. Lakini dola ilikuwa imefika karibu shilingi 157. Zidisha: zaidi ya shilingi 12,200. Pipa limeshuka kwa zaidi ya moja ya tano kwa anayehesabu kwa dola, na limepanda kwa anayehesabu kwa shilingi.

Nisimtwishe dola mzigo wote. Julai 2023 Kenya ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na hiyo Mmarekani hahusiki nayo. Kwa hiyo siku nyingine ukiambiwa "ni dola", uliza pia kodi imefanya nini.

Mzee wa Malori

Marahaba. Sasa nimeelewa kuliko miaka yote. Ila hiyo dola ilipanda kwa nini wakati mafuta yake yanashuka?

Dada Mizani

Benki kuu ya Marekani, mzee. Machi 2022 riba yao ilikuwa karibu na sifuri, Julai 2023 ikafika kati ya 5.25 na 5.50. Mtu mwenye dola zake kwenye nchi ndogo akijiuliza kwa nini aendelee kuhatarisha, anazirudisha nyumbani. Dola zinakuwa adimu kwa wote, hata kwa asiyekopa.

Kuna jambo jingine lililobadilika ambalo halisemwi sana. Zamani mafuta yakipanda, mara nyingi dola ilikuwa inalegea, kwa sababu Marekani yenyewe ilikuwa inaagiza mafuta mengi na iliumia pia. Mwenye kuagiza mafuta alikuwa akipigwa shavu moja, jingine linapumzika. Siku hizi Marekani inauza nje mafuta kuliko inavyonunua. Mwaka 2022 vyote viwili vilipanda pamoja, mafuta na dola, na nchi nyingi zikapigwa mashavu yote mawili.

Kokotoo

Fundi, wewe unaonekana umeshika hizi karatasi kwa mikono yako. Hebu tueleze hasa malipo ya meli moja yanavyokwenda. Dola inaingilia wapi?

Fundi Shehena

Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na moja katika kampuni ya kuagiza mafuta. Sitataja kampuni wala benki zetu, naeleza njia tu.

Chukua meli ya kawaida ya mafuta yaliyosafishwa, tani 40,000 za dizeli. Mkataba hauna bei ya namba. Unasema bei itakuwa wastani wa bei za Platts za Ghuba kwa siku kadhaa kuzunguka tarehe ya kupakia, ongeza nyongeza ya muuzaji na nauli. Platts wanatoa bei kila siku ya kazi, na wanaitoa kwa dola. Hata ukiruhusiwa kulipa kwa kauri kama mababu, kwanza watakokotoa dola ngapi, kisha kauri ngapi. Watu wanasherehekea "tumelipa kwa pesa nyingine" bila kuangalia kwamba mizani ilibaki ya dola.

Tuseme imetoka dola 700 kwa tani. Meli nzima ni dola milioni 28.

Muuzaji hakujui wala hakuamini. Anataka barua ya benki, ile tunayoiita elsii, inayoahidi kwamba nyaraka zikifika sawasawa benki italipa. Benki yako nayo haijui, kwa hiyo benki kubwa ya nje inaongeza neno lake juu ya barua hiyo na kutoza ada. Ada hiyo ndiyo kipimajoto. Nchi ikiwa salama ni ndogo. Mambo yakianza kuharibika inapanda. Kisha benki ya nje inataka uweke fedha yote kwanza ndipo ithibitishe. Mwisho wanaacha kupokea simu. Nilikuwa najua nchi inakaukiwa dola wiki nyingi kabla gazeti halijaandika, kwa kuangalia ada tu.

Halafu kuna siku sitaisahau. Tulikuwa na shilingi zote za shehena kwenye akaunti. Wateja wamelipa, hela imejaa. Benki yetu ikawa inatugawia dola laki tano kwa siku. Gawanya milioni 28 kwa laki tano: siku 56 za kazi. Na meli ikisubiri inatoza demareji, yaani faini ya kuisubirisha, kila siku, kwa dola vilevile. Bosi wangu akawa anapiga simu benki tano asubuhi kama mtu anayekopa chumvi kwa majirani.

Yaani mtu anaweza kuwa tajiri wa shilingi na bado akakosa kulipa meli. Hilo ndilo wengi hawalioni wanaposema "serikali ichapishe tu".

Mpiga Ramli

Sawa, lakini Falme za Kiarabu zinakubali dirhamu. Lipa kwa dirhamu, umekwepa dola.

Fundi Shehena

Dirhamu imefungwa kwa dola, 3.6725, tangu 1997. Riyali ya Saudia ni 3.75 tangu 1986. Ukilipa kwa dirhamu umelipa dola iliyovaa kanzu.

Na utazipata wapi? Utakwenda benki na shilingi, benki itanunua dola kwanza, kisha dirhamu. Hakuna foleni ya watu wanaouza dirhamu kwa shilingi moja kwa moja. Katika kila mauzo kumi ya fedha duniani, karibu tisa yana dola upande mmoja. Ndiyo njia panda, kila mmoja anapita hapo hata kama haendi huko.

Dada Mizani

Niongeze kwamba hiyo kufungwa ndiyo sababu nyingine ya wao kutaka dola. Benki kuu yao imeahidi kubadilisha riyali kwa 3.75 siku zote. Ahadi hiyo inalindwa kwa rundo la dola. Hakuna haja ya mkataba wa siri kumlazimisha mtu wa hivyo.

Kokotoo

Sasa tuje kwenye suluhisho. Kenya walisaini ule mpango wa serikali kwa serikali, walipe baada ya miezi sita. Ulisaidia?

Fundi Shehena

Hapa ndipo penye utamu. Machi 2023, Kenya na kampuni tatu za Ghuba: Aramco ya Saudia, ADNOC na ENOC za Falme. Badala ya kampuni za mafuta kutafuta dola ndani ya siku chache baada ya shehena kufika, jumla kama milioni 500 kila mwezi, malipo yakasogezwa siku 180. Wananchi wanalipa shilingi pampuni, benki zinakusanya na kununua dola polepole. Rais Ruto aliwaonya hadharani waliokuwa wameficha dola kwamba wangepata hasara, kwa kuwa dola ingeshuka.

Haikushuka. Ilikuwa kama 130, Januari 2024 ikafika karibu 160.

Fuata meli yetu ileile. Imefika mwanzoni mwa Julai 2023, dola ni kama shilingi 141. Milioni 28 ni shilingi bilioni 3.95. Muda wa kulipa ni mwanzoni mwa Januari 2024, dola ni kama 157. Deni limekuwa bilioni 4.40. Pengo ni shilingi milioni 448. Tani 40,000 za dizeli ni takribani lita milioni 47, kwa hiyo kila lita inadai shilingi tisa na nusu zaidi, na lita hizo zilishachomwa zamani. Lazima mtu azilipe: anayejaza leo, au tozo, au hazina.

Jingine ni hili. Nafuu ya kuahirisha inakuja mara moja tu. Miezi sita ya kwanza unapumua kwa sababu hulipi. Mwezi wa saba bili ya mwezi wa kwanza inafika, na kila mwezi baada ya hapo unalipa shehena moja ya zamani wakati unafungua deni la shehena mpya. Mahitaji ya dola ya kila mwezi yamerudi palepale, na juu yake una deni la miezi sita linaloning'inia, hadi karibu bilioni tatu kwa hesabu ya kidole. Waswahili walishasema dawa ya deni ni kulipa, na hili ni deni la dola.

Dada Mizani

Hapa sikubaliani nawe, Fundi, angalau si yote. Unalinganisha na dunia ambayo haikuwepo. Bila ule mpango, milioni 500 zingetafutwa kila mwezi katika soko lililokauka, mwezi ambao riba za Marekani zinapanda. Ungepata 160 mapema zaidi na pengine foleni za Kolombo. Shilingi iliporomoka hasa kwa sababu watu waliogopa hati fungani ya Kenya ya dola bilioni 2 iliyotakiwa kulipwa Juni 2024. Ushahidi ni huu: Februari 2024 Kenya ilikopa bilioni 1.5 mpya, ikanunua sehemu kubwa ya ile ya zamani, na ndani ya wiki chache shilingi ikarudi karibu 130. Mpango wa mafuta ulikuwa bado uleule.

Fundi Shehena

Hoja ya Februari ni nzito, naikubali. Lakini hata Shirika la Fedha la Kimataifa, katika ripoti ya Januari 2024, lilisema serikali inakusudia kutoka kwenye mpango kwa sababu umevuruga soko la fedha za kigeni. Baadaye serikali hiyohiyo ikauongezea muda. Kila mmoja achukue hapo anachotaka.

Mzee wa Malori

Subirini. Kama meli iliyofika dola ikiwa 160 ililipwa dola ikiwa 130, si kuna mtu alipata faida? Hiyo faida ilifika kwenye pampu?

Dada Mizani

Mzee, hilo swali ningependa kuona hesabu zake zimewekwa wazi, shehena kwa shehena. Kwa haki, baadhi ya faida inaweza kuwa ilifukia mashimo ya miezi iliyotangulia. Ila umeuliza panapouma.

Mpiga Ramli

Na Ghana? Walilipa kwa dhahabu. Hapo hakuna dola kabisa.

Fundi Shehena

Walitangaza Novemba 2022, shehena ya kwanza ya kama tani 41,000 ikafika Januari 2023, na 2025 benki kuu yao ikaufunga mpango baada ya hasara. Jiulize: dhahabu hiyo isingetumika kwenye mafuta ingekwenda wapi? Ingeuzwa nje, kwa dola. Kwa hiyo walitoa mfuko wa kushoto wakaweka wa kulia, na kila kipande kilipimwa kwa bei ya dola, dhahabu na dizeli pia.

Kokotoo

Basi hakuna kabisa aliyefanikiwa kulipa kwa pesa yake?

Dada Mizani

Yupo. Agosti 2023 Indian Oil walilipa ADNOC kwa rupia, mapipa milioni moja, baada ya makubaliano ya Julai kati ya India na Falme. Inawezekana pale kwa sababu Falme zinanunua vingi kutoka India, rupia zina pa kwenda. Tofauti na Urusi. Kwa hiyo usiniulize pesa yako ina nguvu gani, niulize muuzaji ananunua nini kwako.

Kokotoo

Sasa kwa nchi ndogo inayoagiza mafuta, hiyo njia si ipo? Mnaandika tu anachonunua.

Fundi Shehena

Nilishawahi kukaa na karatasi hiyo. Bosi alitaka tumpelekee muuzaji pendekezo. Upande mmoja tukaandika dola milioni 28 za meli moja, upande wa pili tukaanza kuorodhesha bidhaa zote ambazo nchi yao ilinunua kwetu mwezi ule. Tukafika katikati ya ukurasa, bidhaa zimekwisha, na jumla haijafika hata robo. Bosi akaikunja akaitia mfukoni, akarudi kwenye simu zake za benki tano.

Tumaini la Kesho

Samahani wakuu, nimesoma zote mpaka mwisho. Dola ninunue au nisinunue?